Hatari ya Miaka ya Mwanzo kwa Mwenye Kuacha Kazi Mapema

Mtu aliyekusudia kuacha kazi ya mshahara kabla ya umri uliozoeleka, akaishi kwa akiba yake, aghalabu hutegemea hesabu moja tu: rasilmali niliyo nayo ni kiasi gani, huzaa asilimia ngapi kwa mwaka kwa wastani, na matumizi yangu ni kiasi gani, akiona kwamba kinachozaliwa chapita kinachotumiwa, hujihesabu kuwa yu salama, akaandika barua ya kuaga kazini. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini ina nakisi kubwa, maana wastani hukusanya miaka yote pamoja bila kueleza ni upi uliotangulia na ni upi uliofuata, ilhali kwa mtu anayekula kutoka katika akiba yake utangulizi huo waweza kumwacha mmoja na utajiri na mwingine na ufukara, hata kama wote wawili walipata wastani ule ule katika muda ule ule. Wenye elimu ya fedha huiita hali hii hatari ya mfuatano wa mapato, na makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi inavyotenda kazi, na tadbiri gani mtu aweza kuiwekea kabla hajaikabili.

Tuanze na yule ambaye bado yumo kazini, haweki wala hatoi. Fedha yake ikipanda kwa asilimia 20 mwaka huu na ikashuka kwa asilimia 10 mwaka ujao, au ikishuka kwanza ndipo ikapanda, mwisho wake ni ule ule, kwa sababu kuzidisha hesabu hakujali ipi imekuja mbele. Ama yule anayetoa, kila mwaka huondoa kiasi fulani, na kiasi hicho kikiondolewa wakati bei ziko chini humlazimu auze hisa nyingi ili apate fedha ile ile ambayo mwaka wa neema angeipata kwa kuuza chache. Hisa zilizouzwa hazipo tena siku bei zinaporudi juu. Soko hupona, walakini sehemu ile ya mali yake haiponi pamoja nalo. Ni sawa na mwenye shamba aliyekosa nazi katika mwaka wa ukame akakata minazi akauza magogo: mvua ikirudi, hunyesha juu ya shamba lililopungua. Na mkato huo ukifanywa mwanzoni, ambapo mali ndiyo kubwa na miaka iliyobaki ndiyo mingi, hasara yake huzidi kuzaana mwaka hata mwaka. Ukifanywa mwishoni, hasara ni ile iliyoonekana tu.

Ili jambo hili lisibaki katika maneno matupu, natwaa mfano wa Marekani, kwa kuwa kumbukumbu za masoko yake ni kamili na kila mtu aweza kuzihakiki. Faharisi ya S&P 500, inayokusanya kampuni 500 kubwa za nchi hiyo, pamoja na magawio yake, ilishuka kwa takriban asilimia 9 mwaka 2000, ikashuka tena kwa karibu 12 mwaka 2001, na kwa karibu 22 mwaka 2002; ikafufuka, kisha mwaka 2008 ikaanguka kwa asilimia 37. Kuanzia mwaka 2009 ilipanda karibu kila mwaka, ikafunga mwaka 2019 kwa faida ya zaidi ya asilimia 31. Aliyeweka dola 1,000,000 mwanzoni mwa mwaka 2000, asiguse kitu kwa miaka 20, alikuwa na takriban dola 3,245,000 mwishoni, ambayo ni faida ya wastani wa asilimia 6 kwa mwaka.

Sasa tumchukue mtu aliyeacha kazi Januari 2000 akiwa na dola hizo milioni moja, zote zikiwa katika hisa, akaamua kutoa dola 50,000 mwanzoni mwa kila mwaka, bila kuongeza hata senti kwa ajili ya kupanda kwa bei. Alitoa asilimia 5 ya mali ya mwanzo, nayo mali ilizaa wastani wa asilimia 6. Kwa hesabu ile ya kwanza, mali ilipasa kukua. Haikukua. Mwisho wa mwaka 2002 alikuwa na dola 519,000. Mwisho wa mwaka 2009 alikuwa na 383,000. Na mwisho wa mwaka 2019, baada ya miaka kumi ambayo wenzake waliisifu kuwa ya neema isiyo kifani, alikuwa na takriban dola 273,000. Miaka ile mizuri ilimkuta na mali kidogo mno ya kuzaa.

Tugeuze mfuatano, wa mwisho uwe wa kwanza: mwenzake aanze kwa faida ya mwaka 2019, ashuke kinyume hata amalizie kwa ile miaka mitatu mibaya ya 2002, 2001 na 2000. Miaka ni ile ile 20, wastani ni ule ule, na dola 50,000 ni zile zile kila mwaka. Huyu wa pili, ambaye anguko la asilimia 37 lilimpata akiwa tayari ana zaidi ya dola milioni tatu, anamaliza na takriban dola 1,846,000, yaani karibu mara saba ya yule wa kwanza. Na lau yule wa kwanza angeongeza matumizi yake kwa asilimia 2.5 kila mwaka ili kwenda sambamba na bei, jambo ambalo kila mwenye nyumba hulazimika kulifanya, mwaka 2016 mali iliyobaki isingetosha matumizi ya mwaka huo. Hakuna mmoja kati yao aliyekuwa mwerevu kuliko mwenzake. Tofauti yao ni tarehe ya kuacha kazi.

Maarifa ya kwanza yaliyopimwa juu ya jambo hili yaliandikwa na mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, mwaka 1994. Yeye hakutazama wastani. Alipitia historia ya nchi yake tangu mwaka 1926, akauliza: kwa kila mwaka ambao mtu angeweza kuacha kazi, ni kiasi gani angeweza kutoa mwaka wa kwanza, kisha akakiongeza kulingana na bei kila mwaka, na mali isiishe kabla ya miaka 30? Jibu lake kwa watu waliokutwa na mfuatano mbaya kuliko wote, miongoni mwao walioacha kazi katika miaka ya mwisho ya 1960, ambao walikutwa na hisa dhaifu na bei za vitu zinazopaa kwa pamoja, lilikuwa karibu asilimia 4, mali ikiwa imegawanywa kati ya hisa na hati fungani za serikali. Hapo ndipo ilipotoka ile kanuni ya asilimia 4 inayotajwa kila mahali.

Kanuni hiyo inataka hadhari tatu kwa msomaji wetu. Kwanza, ni ya miaka 30, nayo humfaa mwenye umri wa miaka 65; mwenye miaka 47 ana uwezekano wa kuhitaji mali yake kwa miaka 40 au zaidi, na kwa muda huo ni busara aanzie karibu na asilimia 3 au 3.5 ikiwa hana pato lingine lolote. Pili, haikuhesabu ada za wasimamizi wala kodi, na mfuko unaotoza asilimia 1 kwa mwaka unakula robo ya hizo asilimia 4. Tatu, ilipimwa katika nchi moja iliyobahatika. Faharisi ya kampuni 20 ya Soko la Hisa la Nairobi ilifunga mwaka 2006 ikiwa karibu na 5,600, ikafunga mwaka 2008 karibu na 3,500. Ilipanda tena kupita 5,000 mwaka 2014, kisha mwaka 2020 ikafunga chini ya 2,000. Hesabu hizo hazina magawio ndani yake, kwa hiyo hali ya mwenye hisa haikuwa mbaya kiasi hicho, lakini zatosha kuonyesha kwamba anayeishi kwa shilingi za Afrika ya Mashariki hana haki ya kudhani kuwa soko lake litapona upesi kama lilivyopona la New York.

Baada ya kuijua hatari, tuzitazame tadbiri. Ya kwanza inayowajia watu wengi ni akiba ya tahadhari: kutenga fedha za matumizi ya miaka miwili au mitatu mahali zisipoyumba, kama amana ya benki au mfuko wa ukwasi, na kula kutoka humo kila mwaka unaofuata anguko, ili hisa zisiuzwe kwa bei ya chini. Ni shauri jema, lakini sifa zake zimezidi uwezo wake. Turudi kwa yule wa mwaka 2000, na tumpe akiba ya dola 150,000 nje ya hisa, isiyozaa kitu, aitumie mwaka 2001, 2002 na 2003. Mwisho wa mwaka 2004 akiba hiyo imekwisha, naye ana takriban dola 657,000, ilhali bila akiba angekuwa na 614,000. Dola 43,000 si haba, lakini si wokovu. Na ikiwa hakuijaza tena katika miaka minne iliyofuata, mwaka 2008 unamkuta mikono mitupu. Akiba hununua muda na utulivu wa moyo, nayo humzuia mtu asiuze kila kitu kwa hofu, jambo ambalo ni faida kubwa kuliko zile dola. Hata hivyo haiwezi kutibu utoaji uliozidi kiasi.

Tadbiri ya pili ni kutoa sehemu, si kiasi: kila mwaka asilimia 5 ya mali iliyopo siku hiyo, iwe nyingi au chache. Kwa njia hii mali haiwezi kwisha, na yule wa mwaka 2000 angefikia mwisho wa mwaka 2019 akiwa na zaidi ya dola 1,160,000. Lakini tuangalie alikula nini: mwaka wa kwanza alitoa 50,000, na mwaka 2003 alitoa takriban 26,700. Kodi ya nyumba haikushuka kwa nusu, wala ada ya shule, wala bei ya dawa. Njia hii huhamisha hatari yote kutoka katika mali ikaiweka juu ya sufuria, na anayeichagua shurti awe na matumizi ambayo nusu yake yaweza kufutwa bila madhara.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, ambayo mimi naiona kuwa ndiyo ifaayo watu wengi. Asili yake ni kanuni zilizotungwa Marekani na Jonathan Guyton na William Klinger mwaka 2006, nami naieleza kwa sura nyepesi. Mtu huweka kiasi chake cha kutoa, kisha kila mwanzo wa mwaka hugawanya kiasi hicho kwa mali iliyopo, apate asilimia anayoitoa sasa. Asilimia hiyo ikipanda juu ya ile ya mwanzo kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, hupunguza kiasi kwa sehemu moja ya kumi. Ikishuka chini yake kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, hukiongeza kwa sehemu moja ya kumi. Ikiwa katikati, huacha mambo kama yalivyo. Kwa aliyeanza na asilimia 5, mipaka ni 6 kwa juu na 4 kwa chini.

Tumpitishe mtu wetu katika kanuni hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2001 asilimia yake ilikuwa 5.8, akaendelea kutoa dola 50,000. Mwanzoni mwa mwaka 2002 ilifika karibu 7, akashuka hadi 45,000. Mwaka 2003 hadi 40,500. Mwaka 2004 hadi 36,450, na hapo akatulia kwa miaka mitano. Anguko la mwaka 2008 lilimpunguza mara mbili tena, akaishi kwa takriban dola 29,500 tangu mwaka 2010 hata 2014, ndipo akaanza kupanda. Si maisha ya anasa, na yeyote anayesifu kanuni hii bila kutaja miaka ile mitano ya 29,500 anamdanganya msomaji. Lakini mwisho wa mwaka 2019 alikuwa na takriban dola 1,068,000, zaidi ya alizoanza nazo, mahali ambapo mwenzake asiyepunguza alikuwa na 273,000. Funzo lililo wazi ni kwamba kinga ya kweli dhidi ya mfuatano mbaya iko katika uwezo wa kupunguza matumizi mapema, kabla upungufu haujakomaa, na uwezo huo hautokani na nia njema tu: hutokana na jinsi matumizi yenyewe yalivyopangwa kabla ya kuacha kazi.

Sasa tuje nyumbani. Tuseme yupo mwanamke wa Dar es Salaam anayetaka kuacha kazi mwaka ujao, atakapokuwa na umri wa miaka 47. Ana shilingi milioni 500, na matumizi ya nyumba yake ni milioni 24 kwa mwaka, yaani milioni 2 kwa mwezi. Huchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na kwa sheria ya Tanzania mwanachama aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, ingawa umri wa lazima ni 60. Basi ana miaka minane ya kujilisha mwenyewe kabla mafao yake hayajaanza kumsaidia. Miaka hiyo minane ndiyo yenye hatari yote tuliyoieleza, maana baada yake sehemu ya matumizi italipwa na pensheni, na asilimia anayoitoa katika mali yake itashuka. Mwenzake wa Kenya ahesabu kwa masharti ya nchi yake, na Mswahili aliyeko Maskati au Ulaya kwa ya huko, lakini swali ni lile lile: daraja langu hadi pensheni ni la miaka mingapi?

Jambo la kwanza ninalomshauri ni kuyagawa matumizi yake mafungu mawili kwa kalamu. La lazima ni chakula, umeme na maji, matibabu, ada ya mtoto aliyebaki shuleni, na matengenezo ya nyumba: tuseme milioni 16. La hiari ni safari, michango ya harusi iliyo mikubwa, samani mpya, na msaada kwa jamaa usio wa dharura: milioni 8. Mgawanyo huu si mapambo ya daftari, kwa kuwa yule wa mwaka 2000 alilazimika kushuka kutoka 50 hadi chini ya 30. Na ambaye fungu lake la hiari ni theluthi moja ana nafasi ya kupunguza mara tatu kabla ya kugusa chakula, lakini ambaye ana mkopo wa gari na kodi ya nyumba kubwa hana nafasi hata ya mara moja.

Jambo la pili ni kuigawa mali. Milioni 40 aziweke katika mfuko wa ukwasi au amana za muda mfupi, ambazo ni matumizi ya lazima ya miaka miwili na nusu. Milioni 300 azinunulie hati fungani za serikali, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu na kulipa riba mara mbili kwa mwaka, na ahakikishe kwamba baadhi yake zinaiva katika miaka miwili, mitano na saba, badala ya kuzifunga zote kwa miaka 20 au 25 kwa tamaa ya riba kubwa zaidi. Maana mwenye kulazimika kuuza hati ya muda mrefu kabla haijaiva, wakati riba za mnada zimepanda, huiuza kwa hasara, na hapo ile hatari ya mfuatano aliyoikimbia katika hisa humkuta katika hati. Milioni 160 zilizobaki ziwe katika hisa na vipande vya mifuko ya pamoja, kwa ajili ya miaka iliyo mbali.

Hapa lazima nitulie kidogo, kwa sababu ndipo panapotegwa watu wengi wa kwetu. Tuseme hati zake zinalipa riba ya asilimia 10, nambari ninayoitumia kwa mfano tu. Milioni 300 zitampa milioni 30 kila mwaka, ilhali yeye anahitaji milioni 24. Ataona kwamba riba yatosha na ziada yabaki, na kwamba habari hizi za mfuatano wa mapato hazimhusu, kwa kuwa riba ya serikali haipandi wala kushuka. Ni kweli kwamba haishuki. Lakini na kupanda pia haipandi. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, milioni 24 za leo zitahitaji kuwa milioni 35 na nusu katika mwaka wake wa 55, na katika miaka 20 zitahitaji kupita milioni 63, huku riba ikiwa ni milioni 30 zile zile, na siku hati inapoiva anarudishiwa milioni zile zile zilizopungua thamani. Na asilimia 5 si mwisho wa uwezekano, maana mwaka 2011 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 20 katika Kenya na Tanzania pia. Kwa hiyo katika riba ya asilimia 10, asilimia 5 ni fidia ya thamani inayoyeyuka, nayo ni ya kurudishwa katika mtaji. Kinachoweza kuliwa ni zile 5 nyingine, yaani milioni 15. Anayekula riba yote anatoa asilimia 10 ya mali yake iliyo katika hati kila mwaka akidhani hajagusa mtaji.

Basi hesabu yake iwe hivi: milioni 15 kutoka riba, milioni 9 kutoka sehemu nyingine za mali, na milioni 15 za riba zilizobaki zinunue hati mpya au vipande. Milioni 24 katika 500 ni asilimia 4.8. Kwa mtu asiye na pato lingine, na mwenye miaka 40 mbele yake, ningesema ni nyingi. Kwa mwenye pensheni inayokuja baada ya miaka minane, zaweza kuvumilika, ikiwa ataikubali mipaka. Mipaka yake, kwa ile kanuni ya sehemu moja ya tano, ni karibu asilimia 5.8 na 3.8. Kila Januari ajumlishe thamani ya mali yote kwa bei za siku ile, agawanye matumizi ya mwaka kwa jumla hiyo, na aandike jibu. Mali ikishuka chini ya takriban milioni 414, amevuka mpaka wa juu, na apunguze milioni 2.4 katika lile fungu la hiari; ikipanda kupita milioni 630, ana ruhusa ya kuongeza kiasi hicho hicho. Mwaka ambao mali imepungua asiongeze matumizi kwa ajili ya bei, hata kama hajavuka mpaka, kwa kuwa kujizuia huko kudogo, kukifanywa mapema, huondoa haja ya makato makubwa baadaye.

Njia nyingine ya kupunguza hatari, ambayo watu huidharau kwa sababu si ya kitaalamu, ni kuchuma kidogo katika miaka ya mwanzo. Akipata milioni 6 kwa mwaka, kwa kufundisha, kutunza hesabu za watu au biashara isiyohitaji mtaji mkubwa, anachotoa kinashuka hadi milioni 18, na asilimia yake inakuwa 3.6. Pato hilo dogo likidumu miaka mitano tu humkinga katika ule muda ambao anguko lina madhara makubwa kuliko muda wowote. Milioni zile zile akizichuma akiwa na miaka 60 zitamfaa, lakini haziwezi tena kuokoa kilichouzwa kwa bei ya chini miaka kumi kabla.

Utajuaje kwamba mfuatano umekuangukia vibaya? Si kwa habari za redio kuhusu soko, maana soko laweza kuanguka kwa asilimia 20 na likarudi mwaka huo huo bila kukudhuru. Dalili ya kweli ni ile asilimia ya Januari, na hasa ikipanda miaka miwili mfululizo ndani ya miaka mitano ya kwanza. Kwa yule wa mwaka 2000, dalili ilikuwa 5.8, kisha 7, ilhali bado alikuwa na dola 716,000, kiasi ambacho kwa macho ya jirani kilikuwa bado utajiri. Aliyepunguza wakati huo alipunguza sehemu moja ya kumi. Ambaye angengoja hadi mwanzo wa mwaka 2009, akiwa bado anatoa 50,000 katika 353,000, angekuta asilimia yake imepita 14, na hapo hakuna kanuni inayotibu, isipokuwa kurudi kazini.

Kosa lililo kinyume cha hilo ni la mwenye hofu, ambaye soko likianguka huuza hisa zote na kukaa na fedha taslimu akingoja mambo yatulie. Huyo ameigeuza hasara ya muda kuwa ya kudumu, kwani aliyetoka mwishoni mwa mwaka 2002 aliikosa faida ya karibu asilimia 29 ya mwaka 2003. Kupunguza matumizi na kukimbia soko ni mambo mawili mbalimbali: la kwanza hulinda mali ibaki na kitu cha kuponea, la pili huiondoa mahali pa kuponea.

Kwa hiyo mwaka wa mwisho wa kazi usiutumie kutabiri soko. Utumie kuishi kwa lile fungu la lazima peke yake kwa miezi mitatu, ili ujue kama milioni 16 ni ukweli au matumaini. Kulipa madeni yenye marejesho ya kila mwezi, ambayo hayakubali kukatwa. Kujaza akiba ya tahadhari wakati mshahara bado unaingia. Na kuiandika kanuni yako katika ukurasa mmoja, yenye mipaka miwili na jina la kila kitu kitakachokatwa kwa mpangilio wake, uusaini pamoja na mwenzi wako. Ikiwa katika mwaka huo mali itaanguka kiasi cha kukuvusha mpaka wa juu kabla hata hujaaga kazini, ahirisha kuondoka kwa mwaka mmoja au miwili, maana mshahara wa miaka hiyo ndio pekee unaokuwezesha kununua hisa kwa bei ambayo wenzako walioondoka wanalazimika kuuzia.